Maswali manne yanatosha: andalio la somo dogo la dakika kumi kwa stadi ya kuuliza

*Shikamoo mkufunzi. Nasoma stashahada ya ualimu, mwaka wa kwanza. Wiki ijayo nafundisha somo dogo la dakika kumi mbele ya wenzangu, na stadi niliyopangiwa ni kuuliza maswali. Nimeandaa Sayansi ya darasa la tano, uvukizaji, maswali kumi na sita kuanzia maana yake hadi mzunguko wa maji. Mkufunzi wetu amenirudishia andalio akiwa ameandika pembeni: "Hiki ni kipindi cha dakika 40 kilichokatwa. Stadi iko wapi?" Sijamwelewa. Kwani maswali si ndiyo stadi yenyewe? Niandike nini?*

Marahaba, mwalimu. Futa maswali kumi na mawili, ubaki na manne. Nafasi itakayopatikana ijaze kwa kitu ambacho bila shaka hakimo katika andalio lako: utakachosema baada ya mwanafunzi kujibu. Swali la kwanza hata asiyesomea ualimu anaweza kulinakili kitabuni. Stadi inaanza kuonekana pale mtoto anapojibu nusu, au anapokosea, au anaponyamaza kabisa, nawe umesimama mbele yake una sekunde chache za kuamua la kufanya. Ukiwa na maswali kumi na sita ndani ya dakika kumi hutapata nafasi hiyo hata mara moja, maana kila jibu likitoka utakuwa tayari unakimbilia swali linalofuata. Hicho ndicho mkufunzi wako alichokitafuta kwenye karatasi asikione.

Njia hii ya kujifunza ualimu kwa masomo madogo ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, kwa kazi ya Dwight Allen na wenzake. Masomo yao yalikuwa ya dakika tano hivi, wanafunzi wanne au watano, stadi moja tu. Mwalimu mtarajiwa akimaliza alijitazama kwenye video, akapewa maoni, kisha akalifundisha somo lilelile upya kwa kundi jingine. Vitu vinne vilipunguzwa kwa makusudi: muda, idadi ya wanafunzi, maudhui na stadi. Wanachuo wetu wengi hupunguza viwili vya kwanza kwa sababu chuo ndicho kilichowapunguzia, halafu maudhui na stadi wanaviacha vilevile. Matokeo yake ni kile ulichoandikiwa pembeni.

Tuanze na stadi, kwa sababu "kuuliza maswali" bado ni pana mno. Ndani yake kuna kutunga swali lisilo na utata, kuna kuligawa ili wasijibu wale watatu wa mbele tu, kuna kusubiri, kuna kudodosa, na kuna kupanda kutoka swali la kukumbuka hadi swali la kufikiri. Kwa dakika kumi chagua moja na msaidizi wake. Ushauri wangu ni kudodosa, msaidizi wake akiwa kusubiri. Hivi viwili havitengani: anayedodosa bila kusubiri anamhoji mtoto kama askari wa kituoni.

Kudodosa ni kulifuatilia jibu la mwanafunzi kwa swali jingine linalotoka ndani ya jibu hilohilo. Kuna namna nne zinazotosha kwa kazi yako, na kila moja ina wakati wake. Mtoto akinyamaza au akikosea, unampa kidokezo, yaani swali dogo linalomrudisha kwenye kitu alichokiona kwa macho. Akijibu nusu, unamwomba aongeze: "Ukisema maji yamepotea, una maana gani?" Akijibu sawasawa, usimpigie makofi ukaondoka, muulize amejuaje. Na jibu lolote, zuri au baya, unaweza kulipeleka kwa mwingine: "Neema, unakubaliana naye?" Wanachuo hukumbuka kidokezo peke yake, kwa hiyo hudodosa waliokosea tu. Baada ya muda darasa linajifunza kwamba ukiulizwa swali la pili ujue umekosea, na watoto wanaanza kubadilisha hata majibu yaliyokuwa sahihi. Ndiyo maana "umejuaje?" ya jibu sahihi lazima iandikwe kwenye andalio, tena kwa maneno yake kamili.

Kuhusu kusubiri, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili katika madarasa ya sayansi, na katika miaka ya 1970 kazi yake ilijulikana sana. Aligundua kwamba walimu wakiuliza swali husubiri sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mtu, kuuliza upya au kujibu wenyewe. Walimu waliojizoeza kufika sekunde tatu na zaidi walipata majibu marefu zaidi, wakasikia sauti za watoto ambao kawaida hawasemi, na watoto wenyewe wakauliza zaidi. Rowe alitofautisha sehemu mbili za kusubiri: baada ya swali, na baada ya jibu. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtoto akimaliza kusema, ukikaa kimya sekunde tatu ukiendelea kumtazama, mara nyingi ataongeza neno yeye mwenyewe, na neno hilo ndilo lenye fikra yake. Ukimkatiza na "vizuri!", limeishia kooni.

Sasa andalio lenyewe. Liwe na malengo mawili, moja la mwanafunzi na moja lako, na yasichanganywe.

La mwanafunzi lipunguze hadi liingie katika sentensi moja bila "na". Wewe ulianza na maana ya uvukizaji ukaishia kwenye mzunguko wa maji. Chukua kipande kimoja tu: upepo. Andika hivi: "Kufikia dakika ya kumi, mwanafunzi aweze kueleza, kwa kutumia alichokiona ubaoni, kwa nini upepo unaharakisha maji kukauka." Joto liache. Ukubwa wa eneo uache. Mzunguko wa maji una kipindi chake.

Lengo lako wewe liandikwe kwa namna ambayo mwenzako aliyekaa nyuma na kalamu anaweza kulihesabu. "Nitauliza maswali kwa ufanisi" halihesabiki. Andika: "Kila swali kuu nitalifuata kwa swali moja au zaidi la kudodosa. Nitasubiri sekunde tatu kabla ya kutaja jina. Sitalirudia jibu la mwanafunzi kwa sauti yangu." Mambo matatu yanatosha. Ukiongeza la nne, utafundisha huku akili yako iko kwenye orodha.

Hesabu ya muda inafuata kutoka hapo, na ndiyo itakayokushawishi kwa nini manne. Swali kuu moja lina kuuliza, kusubiri, jibu, kusubiri tena, kudodosa, jibu la pili, na pengine kulipeleka kwa mtoto wa tatu. Mzunguko huo ukiupima na saa unakula dakika moja na nusu hadi mbili. Toa dakika moja ya kuanza na moja ya kufunga, toa nyingine ya tendo la ubaoni, zinabaki saba. Maswali manne yanaingia, maana moja kati yake ni fupi. Matano yatakulazimisha kukimbia kwenye la mwisho, ambalo kwa kawaida ndilo zuri kuliko yote.

Kwa zana huhitaji chochote cha kununua: kitambaa, maji kwenye bakuli, daftari gumu la kupepea, ubao, na sahani ya plastiki au ya bati. Kitambaa kikamue sana, kisha pangusa ubaoni alama mbili za ukubwa wa kiganja, moja kushoto na moja kulia. Ubao mweusi unaonyesha unyevu vizuri hata kwa aliyekaa nyuma. Mwanafunzi mmoja anapepea ya kulia kwa daftari, ya kushoto inaachwa. Kwa kawaida ya kulia itakauka kwanza, na tofauti itaonekana. Ila jaribu kwanza katika chumba hichohicho na saa hiyohiyo, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika ina unyevu mwingi, na alama nzito ya maji inaweza kukaa hadi kipindi chako kiishe. Dawa yake ni kukamua kitambaa zaidi, basi.

Hatua ya kwanza, kabla ya kupepea, ni utabiri. Wengi wangeandika: "Ipi itakauka kwanza, na kwa nini?" Hilo ni maswali mawili katika pumzi moja. Mtoto hujibu lile rahisi, na la pili linapotea nawe husemi kitu. Ligawe. Swali kuu: "Alama ipi itakauka kwanza?" Wanyooshe mikono kwa ya kulia, kisha kwa ya kushoto. La kudodosa, kwa mmoja wa kila upande: "Umeona wapi jambo linalokufanya useme hivyo?" Hapa hutafuti jibu sahihi, kwa hiyo usioneshe kwa uso wala sauti nani amepatia. Neno pekee unaloruhusiwa ni "haya, tutazame".

Wakati mwenzao anapepea, nyamaza. Najua ukimya mbele ya mkufunzi mwenye karatasi ya alama unatisha, lakini usiujaze kwa maelezo ya uvukizaji, kwa sababu utakuwa umeshajibu maswali mawili yanayokuja.

Swali la pili ni la uchunguzi: "Mmeona nini?" Ni fupi, na linapita haraka. La kudodosa: "Kuna aliyeona kitu ambacho mwenzake hakukitaja?" Mara nyingi atatokea mmoja aliyegundua kwamba kingo za alama zilianza kukauka kabla ya katikati. Mpokee, usimchimbe sana. Kwa leo hilo si lengo.

Swali la tatu ndilo moyo wa somo, kwa hiyo nitakuonyesha namna ya kuliandika hadi mwisho. Swali kuu: "Maji yaliyokuwa hapa, sasa hivi yako wapi?" Chini yake, katika andalio, andika majibu unayoyategemea pamoja na hatua yako kwa kila moja. Usiishie kwenye jibu sahihi.

Ukitegemea "yamekauka", hilo ni jibu nusu, maana limetaja kilichotokea bila kusema mahali. Hatua: "Yakishakauka yanakuwa wapi?" Ukitegemea "yamekwisha", hatua ni hiyohiyo, halafu unampelekea mwingine. Ukitegemea "yamekuwa mvuke, yako hewani", hilo ndilo ulilolitaka, kwa hiyo hatua ni: "Hatuyaoni. Umejuaje kama yako hewani?" Ukitegemea kimya, kidokezo ni: "Gusa ubao hapa. Sasa nionyeshe, yangeweza kwenda upande gani?"

Na kuna jibu moja ambalo karibu lazima litatokea: "Ubao umeyanywa." Hapa kuwa mwangalifu sana. Shule nyingi zina ubao wa saruji uliopakwa rangi nyeusi, na saruji kweli inanyonya maji kidogo. Mtoto huyo hajasema upuuzi. Ukimwambia "hapana", umemkosesha mwanasayansi aliyefikiri kutokana na ukuta wa nyumba yao. Hatua yako iwe: "Inawezekana. Tungefanyaje ili tujue kama ni ubao umeyanywa au yamekwenda kwingine?" Subiri. Hili ni swali zito, mpe sekunde tano. Akitokea wa kusema tupake kwenye kitu kisichonyonya, unayo sahani mezani, inasubiri. Asipotokea, kidokezo ni kuinyanyua sahani tu na kuuliza: "Hii nayo inakunywa maji?" Paka, mpe mmoja apepee, endelea. Mwisho wa somo mtaikuta sahani imekauka.

Hiki ndicho nilichomaanisha niliposema ujaze nafasi ile. Swali moja lina mistari mitano chini yake. Andalio lako lote halitazidi kurasa mbili, lakini nusu yake itakuwa mambo ambayo huenda hutayasema, kwa kuwa hujui ni jibu gani litakuja. Hilo lisikusumbue. Mkufunzi anayelisoma anaona umeshawahi kumsikiliza mtoto.

Swali la nne linarudi kwenye lengo: "Daftari limeyafanyia nini maji hadi yakaondoka haraka?" Tegemea "limeyasukuma", "limeleta baridi" na "limeondoa mvuke". Kwa "limeyasukuma": "Uliyaona yakidondoka au yakisogea pembeni?" Kwa "baridi": "Nguo inakauka haraka siku ya baridi au siku ya joto?" Swali hilo linatosha kumfanya alitazame jibu lake upya bila wewe kumwambia amekosea. Kwa aliyegusa mvuke, mwombe aongeze: "Hewa iliyokuwa imegusana na alama ya kushoto, ambayo haikupepewa, ilikuwa na hali gani?" Unachokitafuta ni wazo kwamba hewa iliyo karibu na maji inajaa unyevu, upepo unaiondoa na kuleta hewa nyingine kavu zaidi, ndipo maji yanapata pa kwenda. Watoto watalisema kwa maneno yao. Mmoja akisema "hewa ya pale imeshashiba maji", usimsahihishe. Ameelewa kuliko aliyekariri maana ya kitabuni.

Kufunga, tumia hali moja ya nyumbani badala ya "leo tumejifunza nini?" Kwa mfano: "Siku ya mawingu, mama Asha ameanika kanga ndani ya ua wenye ukuta pande zote. Jirani yake ameanika kanga kama hiyo kwenye kamba ya uwanjani. Ya nani itakauka kwanza? Andika jibu na sababu, mstari mmoja." Tazama maneno "siku ya mawingu". Bila hayo mtoto atakuambia uani kuna kivuli, atakuwa sahihi kabisa, na hutajua kama ameelewa upepo. Swali zuri la kupimia huziba njia ya mkato kabla mtoto hajaipita, na uzibaji huo hufanyika mezani usiku wa maandalizi. Ukiwa umesimama mbele ya darasa umeshachelewa.

Sasa mambo matatu yanayoharibu masomo haya. Yote yanatokana na mazoea ya madarasa tuliyosomea sisi wenyewe.

La kwanza ni korasi. Mwalimu anasema, "Kwa hiyo maji yamegeuka kuwa mvuu...?" na darasa linamalizia "ke!" kwa sauti moja. Inafurahisha masikioni, na mkufunzi asiye makini anaweza kuandika "ushirikishwaji mzuri". Lakini hakuna aliyefikiri hapo, wala hujui nani anajua na nani amefuata wimbo. Katika andalio jilinde kwa kuandika maswali yote neno kwa neno, yakiwa yamekamilika hadi alama ya kuuliza. Korasi hujitokeza mwalimu anapobuni swali papo hapo.

La pili ni mwangwi. Mtoto anasema "yako hewani", mwalimu anarudia "ndiyo, yako hewani". Wengi husema wanafanya hivyo ili wa nyuma wasikie. Basi mwombe mtoto mwenyewe apaze sauti. Ukirudia wewe kila jibu, darasa linaacha kusikilizana, kwa kuwa linajua toleo rasmi litatoka kinywani mwako. Tena mwangwi unaua ile kimya ya pili, ya baada ya jibu.

La tatu ni kutaja jina kwanza: "Juma, maji yako wapi?" Wengine wote wamepumzika kabla swali halijaisha. Uliza, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo polepole, ndipo utaje. Kwenye andalio tia alama yako kati ya swali na jina. Mstari mdogo wa wima unatosha, ili jicho likiangukia pale likukumbushe. Na "mmeelewa?" usiihesabu kama swali, jibu lake ni "ndiyo" siku zote.

Kuna tatizo moja ambalo Stanford hawakuwa nalo kwa kiasi hiki, maana wao waliwaleta wanafunzi wa kweli. Wewe utafundisha wanachuo wenzako wanaojifanya darasa la tano, na hao watakupa majibu sahihi kuanzia sekunde ya kwanza, ama kwa huruma, ama kwa kutaka somo liishe. Kudodosa kutakosa cha kudodosa. Kabla ya somo andika vikaratasi vitatu, ugawe kimya kimya kwa watatu: kimoja "ubao umeyanywa", kimoja "upepo ni baridi ndiyo maana", kimoja "nyamaza hadi uulizwe mara ya pili". Usigawe mwenyewe, mpe kiongozi wa kundi agawe, usijue nani anacho kipi. Mweleze mkufunzi wako mapema ili asidhani mmepanga mchezo wa kuigiza. Kama chuo chenu kina shule ya msingi ya mazoezi jirani na mnaweza kupata watoto wanane baada ya vipindi, hilo ni bora mara kumi. Vikaratasi vitupe.

Karatasi ya mtazamaji iandae wewe, iambatane na andalio. Iwe na mistari minne, mmoja kwa kila swali kuu, na nafasi ya kuandika sekunde ulizosubiri, idadi ya maswali ya kudodosa, na alama ya vema kila uliporudia jibu. Mpe mwenzako mmoja kazi ya saa peke yake. Anayepima sekunde hawezi pia kuhesabu mwangwi. Simu iliyosimamishwa dirishani ikirekodi itamaliza ubishi, kwani karibu kila mwalimu huapa kwamba alisubiri sekunde tano, na video inaonyesha moja na nusu.

Matokeo yakitoka, usiandike andalio jipya. Rudi kwenye swali moja lililoshindikana zaidi. Tuseme karatasi inaonyesha swali la tatu ulisubiri vizuri lakini hukudodosa, kwa sababu jibu lililokuja halikuwamo kwenye orodha yako. Ongeza jibu hilo chini ya swali pamoja na hatua yake, kisha ufundishe tena kundi ambalo halijaona somo. Kulirudia kwa kundi lilelile hakukuonyeshi kitu. Wameshajua sahani ni ya nini. Nchini India, ambako njia hii ilienea sana katika vyuo vya ualimu, mzunguko uliozoeleka ni dakika sita za kufundisha, sita za maoni, kumi na mbili za kupanga upya, sita za kufundisha tena na sita za maoni tena. Jumla ni dakika 36. Ratiba yenu ikiwapa somo bila marudio, ombeni hata dakika nne za kurudia swali moja tu. Nne hizo zitakufundisha zaidi ya kumi za mwanzo.

Mwisho, fomu. Chuo kitakutaka utumie andalio lake lenye safu za muda, vitendo vya mwalimu, vitendo vya mwanafunzi na upimaji. Litumie, usibishane nalo. Maswali kuu yaweke kwenye vitendo vya mwalimu, majibu unayoyategemea, yakiwemo ya makosa, yaweke kwenye vitendo vya mwanafunzi, na hatua zako za kudodosa zikae kwenye upimaji, ambako ndiko kwao hasa. Lengo lako la stadi liandike juu kabisa, chini ya mada, na ulipigie mstari ili anayesahihisha asilitafute. Kama fomu ina hatua tano za somo, usizigawie dakika mbili mbili kwa kuzionea huruma. Ziandike mbili au tatu unazozitumia, nyingine weka kistari, na umwambie mkufunzi wako sababu kabla hajaiona.